Wasifu wa kocha wa kujitolea wa timu ya watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu unapoanza, klabu za mtaani Nairobi huwaomba makocha wao waandike wasifu mfupi wa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi na kutumwa kwa wazazi. Kazi ya kuupitia kabla haujatoka huangukia msimamizi wa usalama wa watoto, na maswali yaliyo hapa ndiyo makocha na wazazi humrudishia mara kwa mara. Mifano yote ni ya soka na timu inayotumiwa ni ya kutunga: wasichana walio chini ya miaka 13. Anayefundisha voliboli au raga atabadilisha majina ya leseni tu.

## Mambo ya mwanzo

Wasifu huu unaandikiwa nani hasa?

Mzazi ambaye hajawahi kukuona. Anarudi kutoka kazini saa moja usiku, na binti yake amemwambia anataka kujiunga na timu. Maswali yake ni machache: huyu mtu ni nani, nani amemkagua, mtoto atakuwa na nani uwanjani, na kukitokea jambo nimpigie nani. Ulivyokuwa hodari wa kupiga penalti ukiwa kijana, hayo anaweza kuyasikia siku nyingine.

Makocha wengi huandika kana kwamba wanaomba kazi. Hapo ndipo zinapotokea sentensi kama "ana mapenzi makubwa kwa watoto". Haina ubaya, ila mzazi hana la kufanya nayo, kwa sababu hata mtu mwenye nia mbaya angeiandika hivyo hivyo. Mimi hupima kila sentensi kwa swali moja: mzazi akitaka kuhakikisha jambo hili wiki hii, atatazama karatasi gani au atamuuliza nani? Isiyo na jibu naiondoa.

Uwe mrefu kiasi gani?

Maneno 120 hadi 150 yanatosha. Ukizidi hapo mzazi ataruka katikati, na mara nyingi sehemu ya usalama ndiyo iliyo katikati.

Niandike "mimi" au "kocha"?

Andika "kocha", maana klabu ndiyo inayosema. Ukisema "nina cheti cha tabia njema", hayo ni maneno yako. Klabu ikisema "kocha ana cheti cha tabia njema, na katibu amekiona", tayari kuna mtu wa pili anayewajibika.

Nionyeshe wasifu mbaya na namna ya kuutengeneza.

Huu hapa, na nimeuona kwa sura nyingi: "Kocha ana uzoefu wa miaka mingi. Aliwahi kucheza soka la kiwango cha juu. Anawapenda watoto kama wake, na wako katika mikono salama. Chini yake timu imepata mafanikio makubwa na kushinda vikombe kadhaa."

Sentensi nne, na hakuna hata moja inayoweza kukaguliwa. Miaka mingapi, na ya kufundisha watoto au watu wazima? Kiwango cha juu ni kipi? Mikono salama kwa ushahidi gani? Vikombe vya mashindano yapi, na watoto waliocheza walikuwa na umri gani? Sehemu zinazofuata zinayajibu haya moja moja, na wasifu uliokamilika uko kwenye swali la "Sasa uandike wote".

## Usalama wa watoto

Cheti cha tabia njema kinatajwaje?

Taja mwezi na mwaka kilipotolewa, na useme nani anakihifadhi. Cheti hiki hutolewa na idara ya upelelezi, DCI. Mwombaji hujaza maombi na kulipia kwenye eCitizen, huchapisha fomu ya C24, kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole makao makuu ya idara barabara ya Kiambu au kwenye baadhi ya vituo vya Huduma. Fomu ya C24 ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Wengi hurudishwa foleni kwa sababu wameleta karatasi mbili.

Tarehe ina uzito wake. Cheti kinaeleza hali ilivyokuwa siku kilipotolewa, na hakijui lolote la baadaye. Cha miaka minne iliyopita ni karatasi ya kumbukumbu tu. Klabu nyingi huomba kipya kila mwaka, na naona ndivyo inavyofaa, hata kama kocha mwenyewe ndiye anayelipia na analalamika.

Je, cheti hicho kinatosha kusema kocha ni salama?

Hapana, na wasifu usiseme hivyo. Kinaonyesha kama alama za vidole zina rekodi ya jinai. Mtu aliyefukuzwa kimya kimya na timu ya mtaa wa pili baada ya wazazi kulalamika, bila kesi kufikishwa popote, atapata cheti safi kabisa. Pengo hilo huzibwa na marejeo: msimamizi anawapigia simu watu wawili waliowahi kufanya kazi na kocha kwenye shughuli za watoto na kuwauliza wazi, "Ungemwachia tena watoto?" Ukimya wa sekunde mbili kabla ya jibu nao ni jibu. Kwenye wasifu andika tu kwamba marejeo mawili yalipigiwa simu na klabu, bila majina yao.

Ni kanuni zipi za uwanjani zinazostahili kutajwa?

Tatu zinatosha, mradi zinafuatwa kweli.

Ya kwanza ni ya watu wazima wawili: mtoto habaki peke yake na mtu mzima mmoja, iwe kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ndani ya gari, au uwanjani baada ya wenzake kuondoka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi Nairobi, kwa sababu mzazi amekwama kwenye matatu barabara ya Jogoo na mtoto amebaki akisubiri. Basi msaidizi naye asubiri, na wasifu uliseme jambo hilo.

Ya pili ni ya ujumbe: kocha hamwandikii mtoto faraghani. Ratiba na mabadiliko hupitia kundi la wazazi. Mtoto mwenye simu yake akimwandikia kocha, kocha hujibu kupitia kwa mzazi au akimjumuisha mzazi.

Ya tatu ni ya saa. Nairobi giza huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima. Mazoezi yakiisha saa kumi na moja na nusu, mtoto wa Jericho anayetembea kutoka uwanja wa Camp Toyoyo anafika nyumbani kungali mwanga. Kocha akiandika "mazoezi jioni" mzazi hajui lolote; akiandika saa, mzazi anapiga hesabu mwenyewe.

Watoto wangapi kwa mtu mzima mmoja?

Shirika la kulinda watoto la Uingereza, NSPCC, hupendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 8 wa umri wa miaka 9 hadi 12, na 1 kwa 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18, wakati wowote wasipungue watu wazima wawili. Ni kipimo kizuri cha kuanzia hata hapa kwetu.

Timu yetu ya mfano ilianza mwaka na wasichana 9 kwa kawaida uwanjani, na watu wazima wawili walitosha. Kufikia Julai wanafika 17. Wawili wanatosha watoto 16, kwa hiyo sasa anahitajika wa tatu, ingawa aliyezidi ni mtoto mmoja tu. Kocha aliyeandika kwa fahari kwamba timu imekua, halafu mistari mitatu chini akaacha "watu wazima wawili", amejitoa kasoro mwenyewe, na mzazi makini ataiona. Timu ya mfano ilitatua kwa zamu ya wazazi: kila siku ya mazoezi mzazi mmoja yupo tangu mwanzo hadi mwisho. Mzazi wa zamu hahitaji leseni ya ukocha, lakini naye haachwi peke yake na watoto.

Nambari gani ya simu iwekwe mwishoni?

Ya msimamizi wa usalama wa watoto wa klabu, kisha 116. Hiyo ya pili ni ya Childline Kenya, haina malipo, na hupokea simu mchana na usiku. Nambari ya kocha inaweza kuwepo kwa mambo ya ratiba, lakini isiwe pekee. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu kocha hawezi kuambiwa ampigie kocha huyo huyo, na bado hivyo ndivyo wasifu mwingi nilioupitia ulivyoisha.

Klabu ambayo msimamizi wake ni mke au ndugu wa kocha itafute mwingine kabla ya kuchapisha lolote.

## Mafunzo ya kocha

Nina leseni ya CAF ya daraja D. Niieleze vipi kwa mzazi asiyejua soka?

Sema ni ngazi ya kuanzia ya ukocha barani Afrika, sema uliipata mwaka gani, na kwamba ilitolewa kupitia Shirikisho la Soka la Kenya, FKF. Juu yake kuna C, B na A. Usiandike "kocha wa CAF". Mzazi atadhani umetumwa na shirikisho la soka la Afrika kutoka makao yake Misri.

Kisha ongeza sentensi moja inayoonyesha mafunzo hayo yanaonekana wapi uwanjani. Mfano mzuri ni mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ Kids, yaliyotungwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 12: kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kusawazisha mwili, na kujifunza kuanguka. Utafiti uliofanywa katika nchi nne za Ulaya na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba timu zilizoyafanya zilipata majeraha pungufu kwa karibu nusu. Mzazi akija uwanjani dakika 20 za mwanzo ataona kama wasifu unasema kweli, kwa sababu watoto watakuwa wanaruka na kusawazisha, badala ya kukimbizwa mizunguko kuzunguka uwanja.

Sina leseni yoyote, lakini nilicheza miaka kumi.

Andika ulivyo: "alicheza soka la mtaani na la kaunti, hana leseni ya ukocha bado na hufundisha akiwa na kocha mwenye leseni." Kucheza na kufundisha watoto ni mambo mawili, na mzazi hakukatai kwa kusema kweli. Neno "bado" liwe na tarehe nyuma yake, yaani umejiandikisha kozi gani, lini. Kama hujajiandikisha, ondoa "bado".

Unaposubiri kozi ya ukocha, kuna ya ulinzi wa watoto ya FIFA Guardians, inayofanywa mtandaoni bila malipo na kutoa cheti. Kwa timu ya watoto, mimi ningeitaka hii kabla ya leseni.

Huduma ya kwanza je?

Taja aliyetoa cheti na tarehe kinapoisha. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha. Kilichokwisha muda hakitajwi.

## Maendeleo ya timu

Nianze na vikombe?

Usianze navyo, kwa sababu katika umri huu kikombe hakimwelezi mzazi kama mtoto wake atajifunza. Timu ya watoto wa miaka 12 inaweza kushinda kila kitu kwa njia tatu ambazo hazina uhusiano na ufundishaji: ina mtoto mmoja aliyekua mapema kuliko wenzake, inawachezesha 11 walewale huku wengine wakikaa benchi msimu mzima, au ina wachezaji wa miaka 15. Hiyo ya tatu haihitaji kufichwa, kila anayefuata soka la mitaani Nairobi anaijua. Ukitaja kikombe cha chini ya miaka 13, ongeza kwamba vyeti vya kuzaliwa vilikaguliwa na nani. Kama havikukaguliwa, kikombe kibaki kabatini.

Basi nipime nini?

Tumia daftari la mahudhurio. Ni kipimo rahisi, na ni vigumu kukipamba. Katika timu ya mfano, Januari waliandikishwa wasichana 16 na kwa wastani walifika 9, yaani zaidi kidogo ya nusu. Julai walioandikishwa ni 21 na wanaofika ni 17, wanne katika kila watano. Idadi ya walioandikishwa peke yake ingesema timu imekua kwa watoto watano. Mahudhurio yanaongeza jambo kubwa zaidi, kwamba waliokuja wanarudi.

Linganisha muhula na muhula. Agosti na Desemba watoto wengi huenda ushago, uwanja unakuwa nusu, na kocha asiyelitazama hilo atadhani timu imevunjika, au Januari atajisifu kwa watoto waliorudi tu kutoka likizo.

Kipimo cha pili ni dakika za kucheza. Msaidizi anaandika nani aliingia na nani alitoka, na mwisho wa muhula unaweza kusema kila msichana alicheza angalau nusu ya muda wa mechi alizohudhuria. Kwa mzazi ambaye binti yake si nyota, hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote.

Na matokeo ya mechi yasitajwe kabisa?

Yatajwe yote au yasitajwe. "Walishinda 4, sare 3, walifungwa 5" ni habari. "Walishinda mechi 4" ni nusu ya habari, na mzazi mmoja aliyekuwepo siku ya kufungwa saba bila atawaambia wenzake.

Tunafanya usafi wa mtaa pia. Je, hilo ni maendeleo ya timu?

Linaweza kuwa, na Nairobi lina historia yake. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilijulikana kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kazi ya kusafisha mitaa, kwa hiyo mitaro iliyozibuliwa ilihesabika kwenye jedwali pamoja na mabao. Kama timu yako inafanya hivyo kwa ratiba, sema mara ngapi kwa muhula. Kama ilifanyika siku moja ya picha, iache. Na watoto wakishika takataka, mzazi atataka kujua kama wana glavu.

Sasa uandike wote.

Huu hapa, wa timu ya mfano:

"Kocha wa wasichana chini ya miaka 13 amejitolea klabuni tangu Januari 2023. Ana leseni ya CAF ya daraja D (2024) na cheti cha ulinzi wa watoto cha FIFA Guardians. Cheti chake cha tabia njema kilitolewa Februari 2025. Kiko kwa katibu na mzazi anaweza kukiona. Klabu ilipigia simu marejeo mawili. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, yakisimamiwa na watu wazima watatu, mmoja wao mzazi wa zamu. Watu wazima wawili hubaki hadi mtoto wa mwisho achukuliwe. Ujumbe wote hupitia kundi la wazazi. Januari walifika kwa wastani wasichana 9 kati ya 16; Julai, 17 kati ya 21. Kila mmoja alicheza angalau nusu ya muda wa mechi alizohudhuria. Ukiwa na wasiwasi, mpigie msimamizi wa usalama wa watoto (nambari ya klabu) au 116, bila malipo."

Huduma ya kwanza haimo, kwa sababu cheti cha kocha huyu kiliisha muda na msaidizi ndiye aliye nacho. Kitaonekana kwenye wasifu wa msaidizi.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kuweka picha yangu nikiwa na timu?

Weka yako peke yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukitaka picha ya timu lazima, kila mzazi atie sahihi, na mmoja akikataa, picha haitumiki. Kumkata mtoto mmoja kwenye picha ni kumtangaza.

Nimtaje mchezaji wangu bora kwa jina?

La. Jina, umri, shule na siku za mazoezi vikikaa pamoja, mgeni anajua pa kumsubiri mtoto huyo. Sema "wasichana wawili walialikwa majaribio" uishie hapo.

Msaidizi wangu ana miaka 17. Aandikiwe wasifu?

Kisheria bado ni mtoto, kwa hiyo hahesabiwi kati ya watu wazima waliotajwa kwenye swali la idadi, na anahitaji idhini ya mzazi wake ili atajwe popote. Hana kitambulisho cha taifa, basi usiandike lolote kuhusu cheti cha tabia njema kwa upande wake. Jina la kwanza na "msaidizi kijana" yanatosha.

Binti yangu anacheza kwenye timu ninayoifundisha.

Litaje kwa sentensi moja. Wazazi watagundua Jumamosi ya kwanza, na dakika za kucheza zilizoandikwa na msaidizi, si wewe, ndizo zitakazokutetea.

Kuna malalamiko dhidi ya kocha yanayochunguzwa. Tuuache wasifu wake ubaoni?

Uondoeni siku hiyo hiyo anaposimamishwa, na muweke jina la anayeshika timu kwa muda. Msiandike sababu, wala msiandike kwamba "amepumzika". Wakati huo klabu haichunguzi yenyewe: jambo la kumdhuru mtoto huenda polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na msimamizi anaandika saa aliyopokea taarifa na saa aliyoipeleka. Uchunguzi ukimwondolea kocha lawama, wasifu hurudi ukiwa na tarehe mpya ya kupitiwa na cheti cha tabia njema kipya.